Thelathini na mbili ni bar ngapi?

Ukimuuliza dereva wa gari dogo hapa Dar es Salaam matairi yake yajazwe upepo kiasi gani, mara nyingi atakujibu kwa namba tupu: thelathini, thelathini na mbili, thelathini na tano. Hataji kipimo, na fundi pancha hamuulizi, kwa sababu geji ya kwenye kompresa yake inasoma psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na ndicho kipimo walichokizoea wote wawili. Wanaelewana bila maneno mengi. Shida huanza siku dereva huyo anapoingia kwenye sheli iliyofungwa mashine mpya ya kidijitali, ile yenye kioo kidogo na vitufe vya kujumlisha na kutoa. Anakuta kioo kinaonyesha 2.0, na pembeni pameandikwa bar. Thelathini na mbili yake haina pa kuingia.

Jibu analolitafuta ni 2.2. Unachukua psi unagawanya kwa 14.5. Thelathini na mbili ukiigawanya kwa 14.5 unapata 2.207, na kwa kuwa mashine nyingi za aina hii hupanda kwa 0.1 kila unapobonyeza kitufe, unaweka 2.2 basi. Kikokotoo cha simu kinatosha. Mahali pazuri pa kuifanya hesabu hiyo ni ndani ya gari, kabla hujafungua kifuniko cha valvu hata kimoja. Ukishashuka ukashika mpira wa upepo, na nyuma yako kuna gari mbili zinasubiri, utafanya haraka haraka, na hapo ndipo nukta inapokaa mahali pasipo pake.

Asiye na simu mkononi azidishe kwa 7, kisha asogeze nukta hatua mbili kuelekea kushoto. Thelathini na mbili mara 7 ni 224, kwa hiyo 2.24. Njia hii huzidisha jibu kidogo, kama asilimia moja na nusu, ambayo kwa gari dogo ni nusu psi hivi. Geji nyingi za mtaani zilizochakaa hukosea kuliko hapo, kwa hiyo usiogope kuitumia. Lori ni habari nyingine, nitalifikia.

Ile 14.5 inatoka wapi? Inafaa kuijua, maana anayejua chanzo cha namba haisahau. Psi hupima pauni ngapi zinasukuma kila inchi moja ya mraba. Inchi ni sentimita 2.54, kwa hiyo kipande cha inchi moja kwa inchi moja kina eneo la sentimita za mraba 6.45. Bar nayo ni karibu sawa na uzito wa kilo moja unaokandamiza sentimita moja ya mraba. Kwa usahihi zaidi ni kilo 1.02. Sasa weka bar moja juu ya kile kipande cha inchi: 6.45 mara 1.02 ni kilo 6.58. Pauni moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo kilo 6.58 ni pauni 14.5. Ndiyo hiyo. Upepo ni uleule, ila mmoja amepima kwa pauni kwenye eneo kubwa kidogo na mwingine kwa kilo kwenye eneo dogo.

Kutokana na hapo unaweza kujua pia uzito wa kila kubonyeza kitufe. Hatua moja ya 0.1 bar ni karibu psi moja na nusu. Kwa hiyo mtu anayepaswa kuweka 2.2 akaweka 2.3 hajaharibu kitu cha kumnyima usingizi. Namba ambazo dereva wa gari dogo atazihitaji ni chache na zinakaa kichwani: 28 ni 1.9, 30 ni 2.1, 32 ni 2.2, 33 ni 2.3, 35 ni 2.4, na 36 ni 2.5. Ukiangalia vizuri, karibu kila gari dogo linaangukia kati ya 1.9 na 2.5. Mashine ikikuonyesha namba iliyo nje ya hapo, na gari lako si la mizigo, simama uulize kabla ya kubonyeza lolote.

Nasisitiza hilo kwa sababu kosa ninaloliona likileta madhara si la kukadiria vibaya desimali ya pili. Ni la kusogeza nukta. Mtu ana 32 kichwani, mashine inataka namba yenye nukta, naye anafanya linaloonekana la kawaida kabisa: anaichomeka nukta katikati, inakuwa 3.2. Kwa macho inafanana na 2.2. Mashine haiwezi kukataa, kwa sababu 3.2 ni kipimo halali cha pikapu iliyobeba mzigo. Lakini 3.2 bar ni 46 psi.

Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, lilimkuta jambo hilo asubuhi aliyokuwa anaelekea Morogoro na wanawe. Fundi wake alikuwa amemwambia, kwa usahihi, matairi yote manne yawekwe thelathini na mbili. Akapita sheli ya jirani na nyumbani, matairi bado ya baridi.

"Mama, tuweke ngapi?" mhudumu akamuuliza.

"Thelathini na mbili."

Kijana akabonyeza mpaka 3.2, akachomeka kichwa cha mpira kwenye valvu, mashine ikanguruma, ikapiga mlio wa kumaliza, akahamia tairi la pili. Hakuna aliyefanya uzembe. Mmoja alisema psi, mwingine akasikia bar.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Ya kwanza ni muda. Tairi dogo lililopungua psi mbili au tatu hujaa kwa sekunde chache. Haya yalichukua muda mrefu, kila moja, na mtu mzoefu angeshtuka hapo. Ya pili alianza kuihisi Kibaha kwenye matuta: gari linadunda, kila kishimo kinafika mgongoni, na usukani umekuwa mwepesi kupita kawaida yake. Alidhani ni shokomzoba. Alipofika Chalinze akasimama kwa fundi pancha, geji ya fundi ikasoma 51 kwenye tairi la mbele kushoto.

Ile 51 inahitaji maelezo, maana sheli walijaza 46. Tairi linapokimbia huchemka, na hewa iliyofungiwa ndani ikipata joto husukuma zaidi. Kwa tairi la gari dogo, kila nyuzi 10 za joto huongeza kama 0.1 bar, au psi moja na nusu hivi, na upepo ukiwa mwingi ongezeko nalo linakuwa kubwa kidogo. Mwendo wa zaidi ya saa moja juani kwenye lami unatosha kabisa kuongeza psi tano kwenye tairi lililojazwa kupita kiasi. Fundi wa Chalinze alilijua hilo. Hakushusha mpaka 32, kwa sababu angeshusha mpaka 32 likiwa la moto, lingepoa usiku likabaki na 28 hivi. Alishusha mpaka 36, akamwambia apime tena kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha gari. Alipopima kesho yake Morogoro, lilisoma 32.

Ubavuni mwa tairi lile pameandikwa kwa herufi ndogo zilizoinuka: MAX. PRESS. 300 kPa (44 PSI). Hicho ndicho kikomo alichokiweka mtengenezaji wa tairi, na kinahesabiwa tairi likiwa la baridi. Alipotoka sheli alikuwa ameshakipita. Na hapa niseme jambo ambalo mafundi wengine hulikosea: maandishi yale ya ubavuni hayakuelekezi uweke ngapi. Yanakwambia usipite wapi. Tairi lilelile la kiwango kilekile linaweza kufungwa kwenye magari matatu yenye uzito tofauti, na kila gari likawa na kipimo chake. Anayejaza 44 kwa sababu ameisoma kwenye tairi amekosea, hata kama hakukosea kubadilisha vipimo.

Hebu tuone gari linapata hasara gani. Gari dogo likiwa na watu na mizigo tuseme lina kilo 1,200, na tuchukulie kila tairi linabeba kilo 300. Kinachozibeba hizo kilo ni upepo unaosukuma chini kwenye eneo ambalo tairi linagusa lami. Kwa 2.2 bar, kila sentimita ya mraba inabeba kama kilo 2.24, kwa hiyo tairi linahitaji kugusa lami kwa sentimita za mraba kama 134, ambalo ni eneo la kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ukipandisha mpaka 3.2, eneo linalohitajika linashuka mpaka kama 92. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu ukuta wa tairi nao una ugumu wake na hubeba sehemu, lakini mwelekeo ni huo. Karibu theluthi ya mguso wa tairi na barabara imepotea. Siku ya jua utaihisi kama kudunda tu. Siku ya mvua, ukikanyaga breki ghafla Mlandizi mbele ya lori lililosimama, utaihisi kwa namna nyingine.

Baada ya miezi kadhaa ya kujaza kupita kiasi, tairi lenyewe litakwambia. Pitisha mkono juu ya kashata. Zikiwa zimelika katikati huku pembeni bado zina kina, upepo umekuwa mwingi. Zikiwa zimelika pande zote mbili na katikati kumebaki, upepo umekuwa mdogo. Upande mmoja pekee ukilika ni habari ya alaimenti, usiihusishe na upepo.

Upepo mdogo nao una njia yake ya kuingia kwa kosa la nukta, na njia hiyo inatugusa sana sisi tunaoendesha magari ya mtumba kutoka Japani. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo, pale mlango unapofungia, pana kibandiko cha vipimo vya upepo. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka. Utaona saizi ya tairi, kwa mfano 175/65R14, na pembeni yake 220, na ndani ya mabano 2.2. Ile 220 ni kPa, kilopaskali. Ile 2.2 ni kilo kwa sentimita ya mraba, kipimo cha zamani ambacho Wajapani wanaendelea kukiandika pembeni. Kibandiko kina picha ya gari au alama zinazotofautisha matairi ya mbele na ya nyuma. Kama namba ni mbili tofauti, usizisawazishe, zimewekwa tofauti kwa sababu uzito wa mbele na wa nyuma haulingani.

Sasa mtu akiisoma ile 2.2, akaenda kwa fundi mwenye geji ya psi, akasema "weka ishirini na mbili", ataondoka na 22 psi. Hiyo ni 1.5 bar. Gari lilipaswa kuwa na 2.2, sasa limekosa karibu theluthi moja ya upepo wake. Na tofauti na lile la mwalimu, hili halidundi. Linatembea laini, dereva anafurahi. Matairi ya siku hizi ya redio, hata yakiwa na upepo sahihi, hutanuka kidogo pale chini yanapogusa ardhi, kwa hiyo kwa jicho huwezi kutofautisha 22 na 32 kwa uhakika. Kinachoendelea ni kwamba ukuta wa tairi unakunjwa na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, mara mamia kwa dakika, na kila kukunjwa kunatoa joto. Mjini kwenye foleni joto hilo linapata nafasi ya kutoka. Kwenye barabara kuu, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari limejaa, jua la saa nane, joto linaingia haraka kuliko linavyotoka, tabaka za ndani ya tairi zinaanza kuachana, na tairi linapasuka. Abiria husema tairi lilipata moto likapasuka kwa sababu upepo ulizidi. Mara nyingi lilipata moto kwa sababu upepo ulipungua.

Magari mapya ya nchi nyingi yana taa ya kuonya kwenye dashibodi. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inataka taa hiyo iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kipimo cha kibandiko. Kwa gari la 32 ni kwenye 24. Magari mengi ya mtumba tunayoyaendesha hayana taa hiyo kabisa.

Taa hizo zilitokana na kisa kinachofaa kutajwa, kwa sababu kinaonyesha tofauti ndogo inaweza kubishaniwa kiasi gani. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya ajali nyingi ambazo kashata zilibanduka na gari kupinduka. Ford ilikuwa imewaelekeza wateja wajaze 26 psi. Firestone ikasema 26 ni ndogo, ingekuwa 30. Ford nayo ikasema tatizo ni tairi lenyewe. Waliovutana juu ya lawama walikuwa na mengi ya kusema, kuanzia utengenezaji wa tairi hadi umbo la gari, na sitayapima hapa. Ila zitie hizo namba kwenye bar: 26 ni 1.8, na 30 ni 2.1. Kampuni mbili kubwa zilishikana mashati juu ya 0.3. Yule anayesoma 2.2 kama ishirini na mbili anapoteza 0.7.

Jambo zuri la kibandiko cha Kijapani ni kwamba ukikutana na mashine ya bar, huna haja ya kupitia psi hata kidogo. Bar moja ni kPa 100 kamili. Kwa hiyo 220 ni 2.2, 230 ni 2.3, 250 ni 2.5. Ile kilo ya kwenye mabano si bar hasa; kilo 2.2 kwa sentimita ya mraba ni bar 2.16. Lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko hatua moja ya kitufe, na kwa gari dogo unaweza kuzichukulia kuwa kitu kimoja. Mimi naona dereva mwenye gari la Kijapani afanye mazoea ya kusoma 220 ya kibandiko chake na kuiingiza 2.2 moja kwa moja, hizo hesabu za psi awaachie wale ambao kibandiko chao kimebanduka au kimepigwa rangi juu.

Mashine nyingi za kidijitali, kwa upande wao, zinaweza kubadilishwa kipimo. Tafuta kitufe kilichoandikwa UNIT au herufi za PSI, BAR na KPA. Ukikibonyeza, namba ya kwenye kioo inageuka. Ukiweza kukibadilisha, hesabu yote imeisha. Lakini baada ya kukibadilisha soma tena herufi zilizo pembeni ya namba, na atakayefuata baada yako naye azisome, kwa sababu mashine hubaki pale ulipoiacha wewe. Kwenye geji ya mshale, ile ya duara, angalia uso wake kwa makini. Mara nyingi kuna mistari miwili ya namba, mmoja nje na mmoja ndani, mara nyingine kwa rangi tofauti. Mmoja unaenda 10, 20, 30, 40. Mwingine unaenda 1, 2, 3. Mshale ukiwa sawa na 32 ya mstari mmoja, lazima uwe umevuka 2 kidogo kwenye mwingine. Hiyo ni njia nzuri ya kujihakikishia hesabu yako bila karatasi. Wakati huohuo hesabu vijistari kati ya 2 na 3: vikigawa nafasi hiyo mara tano, kila kimoja ni 0.2, na wapo wanaovisoma kama 0.1.

Kuna mtego mmoja wa mashine za kujiendesha ambao fundi mwenye geji ya mkono hana. Mashine hizi haziongezi upepo tu, ukiweka 2.2 na tairi lina 2.5, nyingi hutoa upepo mpaka 2.2. Sasa fikiria umetoka Mbagala hadi mjini, kilomita zaidi ya kumi kwenye jua na foleni. Asubuhi matairi yalikuwa na 2.2 sahihi kabisa, sasa yana joto na yanasoma 2.4 au 2.5. Unaweka 2.2 kwa nia njema, mashine inapunguza moja moja, inalia imemaliza, unaondoka umeridhika. Usiku yanapoa. Kesho una matairi manne yenye 1.9 au 2.0, na umelipwa hasara hiyo na hesabu uliyoipatia.

Kipimo cha kibandiko ni cha tairi la baridi, yaani gari lililopaki kwa saa tatu hivi au lililotembea kilomita mbili tatu kwa mwendo wa polepole. Kama huna budi kujaza likiwa la moto, ongeza 0.3 juu ya kipimo chako cha baridi: 2.2 iwe 2.5. Kisha pima tena siku nyingine asubuhi na urekebishe. Kama tairi moja peke yake linasoma chini sana, tuseme matatu yana 2.5 na la nne lina 2.1, hilo halikupoteza upepo kwa bahati mbaya. Lina msumari, au valvu inavuja. Lipake maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye kashata uone povu linatokea wapi, kabla ya kulijaza na kusahau.

Sasa lori. Tairi la lori kubwa huhitaji upepo mwingi, na 120 psi si namba ya ajabu kwake. Ukiigawanya kwa 14.5 unapata 8.3 bar. Ukitumia ile njia ya mkato ya mara 7, unapata 8.4. Lile kosa la asilimia moja na nusu lililokuwa nusu psi kwenye gari dogo sasa ni karibu psi mbili, kwa hiyo kwa lori tumia 14.5 na uachane na mkato. Na namba hizo zisikaribie gari dogo. Kwenye sheli za barabara kuu mashine moja huhudumia wote, na huenda aliyetoka hapo kabla yako aliacha 8.3 kwenye kioo. Usichomeke mpira kwenye valvu kabla hujaishusha namba hiyo na kuisoma upya, kwa sababu mashine nyingi huanza kujaza zenyewe mara tu zinapohisi upepo wa tairi.

Namba moja tu kubwa ni halali kwenye gari dogo, nayo ni ya spea. Magari mengi ya Kijapani yana spea nyembamba ya muda, yenye rimu ndogo, na ubavuni mwake pameandikwa 420 kPa au 60 PSI. Hapo kosa halipo: ni 4.2 bar kweli, karibu mara mbili ya matairi mengine, kwa sababu tairi ni jembamba na lina hewa kidogo ya kubebea uzito uleule. Mhudumu akikuambia umekosea, mwonyeshe maandishi. Ukilijaza 2.2 kama mengine, litalegea likibeba gari siku utakayolihitaji, na kwa kuwa hukaa buti mwaka mzima bila kuguswa, wakati wa kulipima ni huohuo unaopima mengine manne.